Fidia ya shilingi 91,000: uchambuzi wa kisa cha bodaboda moja na bima tatu

Katikati ya masika, kijana aliyekuwa akiendesha bodaboda ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Mbagala alimkwepa mtu wa mkokoteni karibu na Rangi Tatu, akapanda ukingo wa barabara na kuangukia upande wa kulia. Hakuwa amebeba abiria, na hakuna chombo kingine kilichoguswa. Kijana alichubuka goti na kiwiko, akachukua PF3 kituo cha polisi, akatibiwa na kurudi nyumbani siku ileile. Pikipiki, Boxer 150 iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika kwa shilingi 2,500,000, ilipakiwa kwenye guta na kupelekwa gereji.

Mwalimu hakuhangaika sana, kwa sababu alikuwa amekata bima kubwa na ada alikuwa ameilipa yote kwa mkupuo. Fundi alimwandikia gharama ya shilingi 370,000. Wiki tatu baadaye kampuni ya bima iliridhia dai lake na kumlipa shilingi 91,000. Alikuja kwangu akiwa na ile karatasi ya malipo mkononi, kwa kuwa anajua nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la madai katika ofisi ya dalali wa bima, na swali lake lilikuwa fupi: “Kaka, nimeibiwa?”

Hakuwa ameibiwa. Kampuni ilimlipa sawasawa na hati aliyoisaini, na kila shilingi iliyokatwa ilikuwa na kifungu chake. Kosa lilifanyika miezi kadhaa kabla ya ajali, siku alipoichagua bima hiyo kwa kutazama ada peke yake. Bima yake ilipokaribia kuisha alikusanya bei kutoka kampuni tatu, tukakaa mezani kwake jioni moja na kuzipima upya. Njia tuliyotumia ndiyo ninayoieleza hapa. Majina ya kampuni nimeyaacha, na bei za gereji nimezikadiria hadi maelfu ya karibu.

Kwanza ieleweke zile 91,000 zilipatikanaje. Orodha ya fundi ilikuwa na shokapu mbili za mbele zilizopinda, shilingi 120,000, rimu ya mbele, 60,000, taa kubwa na kava yake, 45,000, usukani, 20,000, madigadi ya mbele, 20,000, indiketa mbili, 10,000, saiti mira, 8,000, na levya ya breki, 7,000. Hizo ni spea za shilingi 290,000. Juu yake kulikuwa na kunyoosha tangi na kulipiga rangi, 40,000, na ufundi, 40,000. Yeyote aliyewahi kumiliki bodaboda ataitambua orodha hii, kwa maana ndiyo ajali ya kawaida ya pikipiki: chombo kinaanguka ubavu, sehemu ya mbele inapinda, kila kilichojitokeza upande mmoja kinavunjika, lakini injini na chesisi vinabaki salama. Gharama yake haiishii kwenye elfu hamsini, wala haifiki milioni.

Mkadiria hasara wa kampuni hakubishana na bei hizo. Alifanya mambo mawili tu. La kwanza, alikata asilimia 10 ya bei ya spea, yaani shilingi 29,000, kama uchakavu, kwa kuwa hati ilisema kwamba chombo kilichozidi umri wa mwaka mmoja kitakatwa kiasi hicho pale spea mpya inapofungwa mahali pa iliyochakaa. Dai likabaki 341,000. La pili, aliondoa eksesi. Eksesi ni ile sehemu ya hasara ambayo mwenye chombo anaibeba mwenyewe katika kila tukio kabla kampuni haijatoa chochote, na kwenye hati ya Mwalimu ilikuwa imeandikwa hivi: asilimia 10 ya kila dai, isiyopungua shilingi 250,000. Ukitoa 250,000 kwenye 341,000 inabaki 91,000. Mwalimu akabaki na mzigo wa shilingi 279,000 kati ya 370,000.

Mwalimu anakumbuka wakala akimwambia, “Wewe utachangia asilimia kumi tu.” Sentensi hiyo haikuwa ya uongo, ila iliishia kabla ya maneno yenye uzito. Tujiulize ni wakati gani asilimia 10 ya dai inafikia shilingi 250,000. Ni pale dai lenyewe linapofikia shilingi 2,500,000, ambayo ni thamani ya pikipiki nzima. Kwa maneno mengine, hakuna tengenezo lolote la pikipiki hii ambamo asilimia hiyo ingewahi kutumika; katika kila ajali inayotengenezeka, kinachofanya kazi ni kile kiwango cha chini. Kwenye gari la milioni 40, kiwango cha chini cha shilingi 250,000 ni jambo dogo, na mara nyingi viwango hivi huandikwa na watu waliozoea magari. Kwenye pikipiki ndicho kinachoamua kila kitu. Kwa hiyo mtu anayelinganisha bima za pikipiki aipite asilimia na aweke kidole kwenye neno “isiyopungua”.

Kuna swali jingine dogo la kuuliza palepale: asilimia ya nini? Mara nyingi huwa ni ya dai, lakini nimewahi kushika hati zilizosema ni ya thamani iliyokatiwa bima. Kwa pikipiki ya Mwalimu tofauti hiyo ingekuwa nzito, kwa sababu hata eksesi ya asilimia 5 ingekuwa shilingi 125,000 katika kila tukio, liwe dogo au kubwa. Jibu la wakala la mdomo halitoshi hapa. Linatakiwa lionekane kwenye jedwali la bima, yaani ule ukurasa wenye jina la mteja, namba ya usajili, thamani na ada, au kwenye viambatisho vya nyuma ambavyo wengi hawavifungui.

Sasa nigeukie karatasi tatu zilizokuwa mezani. Bei ya pikipiki mpya ilikuwa imepanda, hivyo Boxer iliyotumika yenye hali kama ya Mwalimu bado ilikuwa inauzwa shilingi 2,500,000, nasi tukaiacha thamani hapohapo.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, ambayo Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye chombo kuwa nayo dhidi ya kifo au majeraha ya watu wengine. Ada yake kwa pikipiki ya kubeba abiria ilikuwa shilingi 75,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 88,500. Kwa pikipiki yenyewe haitoi kitu.

Ya pili ilikuwa ya kampuni ileile ya mwanzo, bima kubwa kwa asilimia 6 ya thamani, yaani 150,000, na pamoja na VAT ni 177,000. Masharti yalibaki yaleyale: eksesi isiyopungua 250,000, uchakavu wa asilimia 10 kwenye spea, na iwapo pikipiki itaibwa, mteja anabeba asilimia 20 ya thamani.

Ya tatu ilikuwa bima kubwa ya kampuni nyingine, kwa asilimia 8.5, yaani 212,500, na pamoja na VAT ni 250,750. Eksesi yake ilikuwa asilimia 5 ya dai isiyopungua shilingi 100,000, uchakavu haukatwi mpaka chombo kitimize miaka mitatu, na kwenye wizi mteja anabeba asilimia 10.

Mwalimu alipoziona alisogeza ile ya tatu pembeni. Tofauti ya shilingi 73,750 kati yake na ya pili ilimtosha kuiona ni ghali, na simlaumu, kwa sababu ada ndiyo fedha inayotoka leo na eksesi ni fedha ya siku isiyojulikana. Nikamwomba turudie mwaka uliopita kama ulivyokuwa, ajali ileile na orodha ileile ya fundi, tuone kila karatasi ingemwachia mzigo gani mwisho wa mwaka.

Kwa bima ndogo angelipa ada ya 88,500 na matengenezo yote ya 370,000, jumla 458,500. Kwa bima ya pili alilipa ada ya 177,000 na sehemu yake ya 279,000, jumla 456,000. Mwalimu alizirudia hesabu hizo mara mbili kwa kalamu yake. Mwaka mzima wa bima kubwa, mbele ya ajali ya kawaida kabisa, ulikuwa umemwokolea shilingi 2,500 ukilinganisha na bima ndogo. Kwa bima ya tatu, ile aliyoisogeza pembeni, angelipa ada ya 250,750 na eksesi ya 100,000, jumla 350,750. Ingekuwa nafuu ya zaidi ya laki moja kuliko zote mbili.

Hapo watu wengi hufunga daftari, na kwa gari la nyumbani pengine ingefaa kufunga. Bodaboda lakini ina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye karatasi yoyote ya bima, nayo ni siku ambazo haiko barabarani. Kijana alikuwa analeta hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Fundi alikuwa na spea karibu naye na aliahidi kuikamilisha kwa siku tatu. Lakini ukiwa na dai, fundi hatakiwi kugusa bolti kabla mkadiria hajafika, kwa sababu akishabadilisha spea ushahidi unapotea na kampuni ina haki ya kukataa. Ikasubiriwa ripoti ya polisi, akasubiriwa mkaguzi wa magari, akasubiriwa mkadiria, kisha ikasubiriwa barua ya kuridhia. Mpaka pikipiki irudi barabarani zikapita siku 18 za kazi, na hesabu iliyopotea ikawa shilingi 144,000. Ingetengenezwa mara moja, ingepotea hesabu ya siku tatu, yaani 24,000.

Maana yake ni kwamba Mwalimu alipoteza shilingi 120,000 za ziada kwa kusubiri, ili alipwe 91,000. Kwa ajali hiyo, dai lenyewe lilimtia hasara ya shilingi 29,000, mbali na ada. Ningekuwa naye siku ile ningemwambia atoe taarifa ya ajali kwa kampuni kama hati inavyotaka, kisha aseme kwa maandishi kwamba hadai matengenezo, na fundi aendelee na kazi. Taarifa haifai kuachwa hata kama hudai, kwa sababu mtu aliyeguswa na ajali anaweza kujitokeza baadaye akiwa na madai yake, na kampuni itauliza kwa nini haikuambiwa mapema.

Tukizirudisha siku hizo kwenye hesabu, sura inabadilika. Bima ya pili, jinsi mambo yalivyotokea kweli, ilimgharimu Mwalimu 177,000 za ada, 279,000 za matengenezo na 144,000 za hesabu iliyopotea, jumla shilingi 600,000. Bima ndogo ingemgharimu 88,500, 370,000 na 24,000, jumla 482,500. Bima ya tatu, tukichukulia kwamba nayo ingechelewa siku zilezile 18, ingemgharimu 250,750, 100,000 na 144,000, jumla 494,750. Hata ile nzuri, basi, inashindwa na bima ndogo kwa shilingi 12,250 pale kunapotokea ajali moja tu ya kawaida na dai likasuasua.

Jambo hili nililieleza kwa Mwalimu bila kulipunguza, kwa sababu sikutaka atoke kwenye kosa la kutazama ada peke yake na kuingia kwenye kosa la kudhani kwamba eksesi ndogo humaliza kila kitu. Kwa ajali ya shilingi 370,000 mwenye bodaboda anayejua fundi mwaminifu yuko karibu sawa akiwa na bima ndogo. Kinachobaki kuamuliwa ni ajali kubwa na wizi, na kama ucheleweshaji unaweza kufupishwa.

Kwa ajali kubwa nilimpa mfano wa chesisi kupinda na injini kupasuka kava, kazi ya shilingi 1,100,000 ambayo ndani yake spea ni 800,000. Bima ndogo inamwachia yote. Ya pili inakata uchakavu wa 80,000 na eksesi ya 250,000, inamwachia 330,000. Ya tatu inamwachia 100,000. Pikipiki ikiibwa, bima ndogo inamwachia hasara ya 2,500,000, ya pili inamwachia 500,000, na ya tatu 250,000. Kwa mwalimu ambaye pikipiki hiyo ilikuwa akiba ya miaka minne, mistari hii miwili ina uzito kuliko yote niliyoandika kabla yake. Laki tatu za gereji anaweza kuzikopa kwenye kikoba na kuzirudisha kwa hesabu ya miezi miwili. Milioni mbili na nusu hawezi.

Tuliipima pia hivi: bima ya tatu inazidi ile ndogo kwa shilingi 162,250 kwa mwaka, na pikipiki ikiibwa inamrudishia 2,250,000. Gawanya ya pili kwa ya kwanza unapata karibu 14. Maana yake, iwapo katika pikipiki 14 zinazofanya kazi kama yake, zinazolala zinakolala na kuegeshwa zinakoegeshwa, moja huibwa kila mwaka, basi ulinzi dhidi ya wizi peke yake unarudisha ada yote ya ziada, na msaada wa matengenezo unakuwa nyongeza. Mwalimu hakuhitaji takwimu za nchi nzima kulijibu hilo. Alihesabu kwa vidole bodaboda za kijiweni kwa kijana wake, akataja mbili zilizopotea katika miaka miwili, kijiwe kikiwa na pikipiki zisizofika 20. Hiyo ni kama moja kwa mwaka katika pikipiki zisizofika 20, karibu na ile moja kati ya 14. Si utafiti, lakini ni ushahidi wa mahali penyewe ambapo chombo kinaishi, nami nauheshimu.

Wakala wa kampuni ya tatu, aliyefikiwa kwa simu jioni hiyohiyo, alijaribu kusaidia kwa njia ambayo ingeharibu kila kitu. Alipendekeza thamani iandikwe 1,800,000 badala ya 2,500,000 ili ada ishuke. Kweli ingeshuka: asilimia 8.5 ya 1,800,000 ni 153,000, na pamoja na VAT ni 180,540, nafuu ya shilingi 70,210. Nilimwomba Mwalimu afungue kiambatisho cha hati hiyo mahali panapozungumzia thamani pungufu. Kimeandikwa kwamba chombo kikikatiwa bima chini ya thamani yake ya soko, mteja atahesabiwa kuwa amejibebea mwenyewe sehemu iliyopungua, katika kila dai, na si kwenye wizi peke yake. Milioni 1.8 ni asilimia 72 ya milioni 2.5. Dai la 370,000 lingehesabiwa kuwa 266,400, ikaondolewa eksesi ya 100,000, na Mwalimu angelipwa 166,400 badala ya 270,000. Angeokoa 70,210 kwenye ada na kupoteza 103,600 kwenye ajali ya kwanza. Kuzidisha thamani nako hakusaidii, maana chombo kikiibwa kampuni hulipa bei ya soko na si tarakimu uliyoiandika kwa kujipendelea, huku ada ya ziada imeshalipwa.

Yalibaki mambo ambayo kama yasingekaa sawa, hesabu yote ya jioni ile ingekuwa bure. La kwanza ni matumizi. Kwenye jedwali la kampuni ya tatu palikuwa pameandikwa kwamba pikipiki ni ya matumizi binafsi, pengine kwa sababu aliyeijaza fomu aliona jina la mwalimu na kudhani anaendea nayo shuleni. Ajali ikitokea kijana akiwa na abiria wa kulipa, kampuni ingekataa dai la chombo kwa neno hilo moja. Tulirudisha karatasi, ikaandikwa upya kuwa ni ya kubeba abiria kwa malipo. Ada haikubadilika, kwa kuwa asilimia 8.5 tayari ilikuwa kiwango cha biashara. Makosa yalikuwa kwenye maandishi tu, na ndiyo makosa yanayoumiza zaidi kwa sababu hayaonekani kwenye bei.

La pili ni dereva. Hati ilitaka aendeshe mtu mwenye leseni hai yenye daraja la pikipiki, na ikaongeza eksesi nyingine ya shilingi 100,000 iwapo leseni yake haijatimiza miaka miwili. Leseni ya kijana ilikuwa na miaka mitatu, tukapumua. Lakini Mwalimu alikiri kwamba siku za Jumapili kijana humpa rafiki yake pikipiki atafute chochote, na leseni ya huyo rafiki hakuna aliyewahi kuiona. Jambo hilo halitatuliwi na bima yoyote. Lilitatuliwa kesho yake kwa mazungumzo kati ya Mwalimu na kijana, na naambiwa Jumapili sasa pikipiki inalala nyumbani.

La tatu nalitaja kwa masikitiko. Katika bima zote tatu hakuna iliyomgusa dereva mwenyewe. Sehemu ya mtu wa tatu inamlinda mwenda kwa miguu na, kwa pikipiki iliyosajiliwa kubeba abiria, abiria pia. Sehemu ya chombo inalinda chombo. Kijana aliyechubuka goti hana fungu lake. Kampuni ya tatu ilikuwa na nyongeza ya ajali binafsi ya dereva kwa ada ya pembeni, na Mwalimu aliikubali, ingawa nasisitiza kwamba haimo kwenye hesabu nilizotoa hapo juu na haipaswi kuchanganywa nazo mtu anapolinganisha karatasi.

Swali la ucheleweshaji tuliliuliza moja kwa moja, kwa maandishi. Kampuni ya pili ilijibu kwamba kila dai lazima chombo kikaguliwe na mkadiria wake. Kampuni ya tatu ilijibu kwamba matengenezo yasiyozidi shilingi 500,000 yanaweza kukadiriwa kwa picha na orodha ya bei kutoka gereji ya mteja, na majibu hutolewa ndani ya siku tano za kazi baada ya ripoti ya polisi kupatikana. Tukichukulia kwamba jumla ingekuwa siku nane, hesabu iliyopotea ni shilingi 64,000, na mwaka wenye ajali ya kawaida chini ya bima hiyo ungegharimu 414,750, yaani pungufu kwa shilingi 67,750 kuliko bima ndogo. Nilimwonya Mwalimu asiitegemee tarakimu hiyo ya nane kwa moyo wote. Siku za kampuni zinaanza kuhesabiwa ripoti ya polisi ikishakuwepo, na ripoti ina mwendo wake.

Mwalimu alichukua bima ya tatu, kwa thamani ya 2,500,000. Siku alipolipa, kabla ya kutoka ofisini, aliingiza namba ya usajili kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka inayosimamia bima nchini, kwa simu yake na kuhakikisha kwamba aina ya bima inayosomeka ni ile aliyoilipia na tarehe ya kuanza ni ya siku hiyo. Lilikuwa pendekezo langu, na lina sababu: mtu anaweza kulipia bima kubwa kwa wakala na kukatiwa ndogo, na ugunduzi huo huja siku ya ajali.

Jambo la mwisho alilifanya kwa akili yake mwenyewe. Alikubaliana na kijana kwamba katika kila hesabu ya 8,000, shilingi 2,000 ziwekwe kando mpaka zifike laki moja, ambayo ndiyo eksesi. Siku 50 za kazi zilitosha. Fedha hiyo haiguswi kwa tairi wala kwa oili. Ndani ya bahasha ya hati ya bima ameweka nakala ya orodha ya fundi ya ile ajali ya masika, na nyuma yake ameandika kwa kalamu nyekundu kiasi ambacho kila kampuni ingemwachia alipe, ili mwakani zikija karatasi mpya azipime kwa ajali hiyohiyo.